Maharagwe namba 4, na watu wa Mutuini waliokataa kukubaliana

Kwa misimu kadhaa kazi yangu imekuwa kubeba mbegu, kamba ya kupimia na rundo la fomu, nikizunguka Mutuini, Ruthimitu na Waithaka, hizi pande za Dagoretti ambazo ukiwaambia watu wa tao kuna mashamba ndani ya Nairobi wanakucheka. Yapo. Ni madogo sana, robo ekari, nusu ekari, mengine ni kipande tu nyuma ya nyumba za kupangisha kati ya tangi la maji na zizi la ng'ombe wawili, lakini mvua ikinyesha Machi na ikirudi Oktoba watu wanapanda mahindi na maharagwe kama wazazi wao walivyopanda.

Tulikuwa tunajaribu maharagwe mapya, ambayo hayajatoka rasmi, na mpango ulikuwa wakulima na mtafiti wayahukumu pamoja, tena kwa shamba la mkulima mwenyewe. Mtafiti tulimwita daktari tu. Daktari alikuwa na sababu yake ya kutoka kituo cha utafiti kuja kukanyaga matope na sisi. Kituoni kila kitu kiko sawa, palizi inafanywa kwa wakati, mbolea inapimwa, dawa inapigwa wadudu wakionekana, sasa aina inayoshinda pale inashinda kwa maisha ambayo mkulima wa Mutuini hana. Alipenda kutuambia habari ya Rwanda mwisho wa miaka ya 1980, watafiti walipowaita kina mama waliojulikana vijijini kwa kujua maharagwe waje kituoni wachague wenyewe, na zile walizochagua zikaenda kufanya vizuri nyumbani kuliko walizochagua wasomi. Ndio maana akatuonya tangu siku ya kwanza, usimfundishe mkulima cha kuangalia, muulize anaangalia nini.

Mpangilio wetu ulikuwa wa shamba mama na mashamba watoto, mtindo ulioanzia Malawi miaka ya 1990 na mtafiti anaitwa Sieglinde Snapp. Shamba mama ni moja, kubwa kiasi, aina zote 6, namba 1 mpaka 6, zimepandwa pamoja na zimerudiwa mara 3 sehemu tofauti za hilo shamba, ndio ukiona namba fulani imefanya vizuri ujue si bahati ya udongo. Hapo ndipo watu wote wanakutana kupiga kura. Shamba mtoto ni kwa kila nyumba, na kila nyumba inapewa aina 3 tu kati ya zile 6, kwa pakiti zilizoandikwa A, B na C, mkulima analima venye analimanga. Akiweka mbolea ya zizi sawa, asipoweka sawa, akichanganya na mahindi ni sawa pia, bora tu zile pakiti 3 zote zifanyiwe kitu kimoja.

Pakiti moja ilikuwa gramu 150 hivi. Hiyo inatosha mistari 8 ya mita 3, ukiacha sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mbegu na mbegu, halafu inabaki kidogo ya kuziba mapengo. Watu walishangaa udogo wake. Mzee mmoja aliishika mkononi akaniuliza, "Kijana, hii ni ya kupanda ama ya kuonja?"

Sasa hizo herufi. A kwa nyumba hii si A kwa nyumba ile. Kwako A inaweza kuwa namba 2, kwa jirani A ni namba 5, imechanganywa makusudi. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni majina, mtu akisikia hii ndio ile serikali inasifu au ile ina madini mengi, tayari macho yake yamebadilika. Ya pili ni mahali. Watu karibu wote wanaanza kupanda A mahali wanapoanzia kulima, na kwa haya mashamba madogo mahali pa kuanzia ni karibu na nyumba ama zizi, ambapo udongo umekula samadi miaka yote. Kama A ingekuwa aina moja kwa kila mtu ingeshinda Dagoretti nzima, na mshindi wa kweli angekuwa ng'ombe. Ukichanganya herufi, ile faida ya zizi inagawanyika kwa aina zote. Kichekesho ni kwamba watu hawakuacha kupiga stori, nikawa nakuta mama mbili kanisani wanabishana, mmoja anasema A ni kali mwingine anasema A ni takataka, na wote wako sahihi, kila mtu anaongea juu ya kitu chake.

Lakini kuficha jina ya maharagwe kuna mwisho wake, na hili sijaona likisemwa sana. Mahindi meupe ni mahindi meupe, ukificha jina umeficha. Harage linajitaja lenyewe. Mtu akifungua pakiti akaona mbegu kubwa nyekundu yenye madoa ya maziwa anasema "hii ni Nyayo", yaani ile Rosecoco ambayo kwa vitabu inaitwa GLP-2, akiona ndogo nyekundu tupu anasema Wairimu, akiona ya madoa ya kahawia anasema Mwitemania. Kabla hajachimba shimo ashajua atauzia nani na atapika nini nayo. Kwa hivyo sisi hatukuficha rangi, tulificha jina tu na asili, na kwa fomu tukaongeza swali: hii mbegu unaifananisha na gani unayoijua? Jibu la hilo swali lilikuja kutusaidia kuliko maswali mengine mengi ya kitaalamu.

Kura ya kwanza inapigwa maharagwe yakiwa na maganda mabichi yamejaa. Kabla ya kura unatenganisha wanaume na wanawake, kila kundi linakaa chini ya mti wake linataja vitu linavyoangalia kwa harage zuri, bila kuonyeshwa orodha yoyote. Halafu kila mtu anapewa punje 6. Anazunguka shamba mama peke yake, anaweka punje 3 kwa aina aliyoipenda zaidi, 2 kwa ya pili, 1 kwa ya tatu. Kwa kawaida wanaume wanapewa punje za mahindi na wanawake za maharagwe, lakini sisi tulikuwa tunahukumu maharagwe na punje zingechanganyika na zile zilizodondoka, kwa hivyo wanawake tukawapa ndengu.

Chombo cha kuwekea kura ni kitu kidogo na kinaharibu kazi nzima. Mahali pengi wanaweka bahasha au mfuko wazi mbele ya kila aina. Mtu akichungulia akaona huku kumejaa na kule kuna punje mbili, hataki kuonekana mjinga, anafuata wenzake. Na kama wa kwanza kuzunguka ni mzee wa kijiji au mwenyekiti wa kikundi basi kura imeisha hapo hapo. Sisi tulitumia makopo ya Kimbo yenye kifuniko, tumetoboa tundu la punje moja kupita, na tukaanzisha watu kutoka ncha tofauti za shamba. Unajua kura imefuata mkumbo ukiona mambo mawili: aina moja imebeba karibu kila kitu, halafu ukiuliza sababu watu wanakupa neno moja lile lile. Watu waliojiamulia wenyewe huwa na sababu zinazogongana.

Kuhesabu nako kuna mtego. Tuseme wamekuja watu 20, wanawake 12 na wanaume 8. Punje zote ni 120, za wanawake 72 na za wanaume 48. Namba 4 imepata punje 40, na namba 2 imepata 34. Ukisoma hapo tu namba 4 imeshinda. Sasa fungua makopo utenganishe ndengu na mahindi: namba 4 ina ndengu 18 na mahindi 22, namba 2 ina ndengu 30 na mahindi 4. Yaani wanawake, ambao ndio wanapanda, wanapalilia na kupika, wamechagua namba 2 kwa mbali, na wanaume karibu hawakuiona. Jumla imeficha ugomvi. Huu ni mfano wa kuonyesha hesabu tu, lakini kila aliyefanya hii kazi amekutana na ndugu yake.

Kwetu sisi ugomvi ulikuwa wa aina nyingine, na ndio sababu nimeamua kuandika.

Namba 4 ilikuwa inapendeza, hakuna ubishi. Ilikuwa inarefuka, inatupa kamba kidogo ikitafuta pa kushika, maganda mengi kutoka chini mpaka juu, na juu bado ilikuwa na maua wakati zingine zimeshamaliza. Namba 2 ilikuwa fupi, imejikunja, majani ya kawaida, mbegu yake ni kama Nyayo kabisa. Namba 5 hakuna mtu aliiangalia mara mbili, maganda mafupi, majani yamepauka kidogo, mbegu ndogo nyekundu. Kura ya maganda mabichi namba 4 ikaongoza kwa wanaume na kwa wanawake pia. Makopo yakafunguliwa, watu wakapiga makofi, daktari akaandika lakini hakutabasamu sana. Alikuwa ameziona zile kamba.

Harage linalotambaa namna hiyo halimalizi kwa pamoja. Maganda ya chini yanakauka wakati ya juu bado mabichi. Sasa mvua ya masika ya Nairobi, ukipanda mwisho wa Machi unakuja kuvuna Juni mwisho ama Julai, na kila mtu anayeishi hapa anajua Julai ilivyo, baridi, mawingu wiki nzima, manyunyu ya asubuhi, nguo hazikauki sembuse maharagwe. Ukingoja maganda ya juu yakauke, ya chini yanayogusa udongo yanaoza na mbegu zinabadilika rangi. Ukivuna mapema, ya juu yanakunjamana. Namba 2 ikang'olewa siku moja ikawa imeisha. Kwa kura ya mavuno namba 4 ilishuka, na tukadhani stori imeisha hapo: tamaa ya macho, kisha ukweli.

Haikuisha. Fomu za mashamba watoto ziliporudi nikakuta kitu cha ajabu. Kwa nyumba zilizopata namba 4, karibu nusu waliisema ndio bora kabisa hata baada ya kuvuna, na karibu nusu waliisema ndio mbaya kabisa. Katikati watu wachache. Tukatenganisha kwa wanaume na wanawake, hakuna kitu, pande zote mbili wamechanganyika. Kwa umri, hakuna kitu. Daktari akasema labda ni udongo, nikatumwa nirudi nikaangalie.

Nyumba ya kwanza kurudi ilikuwa ya shosho mmoja Ruthimitu ambaye kwa fomu alikuwa ameweka namba 4 juu kabisa (kwake ilikuwa B), lakini kilo alizovuna zilikuwa kidogo kuliko zote. Nikamuuliza, "Shosho, hii umesema ni bora na ndio imekupa kidogo, ni sawa kweli?" Akaniangalia vile wanaangaliaga watoto wa shule. "Mwanangu, wewe umepima iliyobaki. Iliyoliwa umepima?"

Kumbe alikuwa ameanza kuchuma maganda mabichi ya chini tangu mapema Juni, anachambua, anatia kwa githeri ya mahindi mabichi, na kwa sababu namba 4 haimalizi kwa pamoja, kila baada ya siku chache kulikuwa na kingine kimejaa. Zile zingine mbili zilimpa mabichi kwa wiki moja hivi halafu zikakauka zote. Kwake yeye, na kwa nyumba nyingi za huku ambapo shamba ni la kula na si la kuuza, harage linalojaa kidogo kidogo ni mboga ya mwezi mzima na ni mwezi wa kutonunua dukani. Kwa jirani yake anayelima nusu ekari anauza kwa debe, hiyo tabia hiyo hiyo ni hasara tupu, vibarua wa kuvuna mara tatu na mbegu zenye madoa ya kuoza.

Basi tukarudi kwa fomu tukatenganisha watu kwa swali moja ambalo tulikuwa tumeliweka mwisho kabisa kama la kujaza nafasi: maharagwe yako mengi yanaenda wapi, sufuria ama soko? Picha ikajigawa vizuri kabisa. Wa sufuria wameipenda namba 4, wa soko wameikataa. Haikuwa mwanamume na mwanamke, haikuwa udongo. Tangu hapo mimi siamini tena jumla ya kura bila kujua mpigaji anapanda ili afanye nini, na siamini kilo za mwisho mpaka niulize kilicholiwa kikiwa kibichi. Swali la kuliwa ukiliuliza wakati wa kuvuna watu wameshasahau, sasa tunawaachia mkebe na tunawaomba kila wakichuma watie punje moja ya mahindi kwa kila bakuli. Si sahihi sana lakini ni afadhali kuliko sifuri, na hiyo sifuri ndiyo tulikuwa tunaiandika.

Na swali lenyewe la ipi bora ipi mbaya lina adabu zake. Mwanzoni nusu ya watu wananiambia zote ni nzuri, asante sana, Mungu awabariki. Huwezi kumlaumu mtu, umempelekea mbegu ya bure, umekaa kwake, umekunywa chai yake, halafu unataka akuambie zawadi yako ni mbovu. Fomu inataka bora na mbaya tu, ile ya katikati inajipata yenyewe, na kompyuta inaunganisha majibu ya nyumba zote hata kama hakuna nyumba iliyopanda aina zote 6, kwa sababu kama 2 inaishinda 5 kwa nyumba nyingi na 5 inaishinda 1 kwa zingine, mpangilio unaanza kuonekana. Lakini ukipewa "zote sawa" huna cha kuunganisha. Nikaacha kutumia neno mbaya. Nikawa nauliza, "Ukiambiwa urudishe pakiti moja leo, ungerudisha ipi?" Hapo wanajibu haraka kabla sijamaliza, na sababu wanakupa bila kuombwa.

Kura ya mwisho ni ya sufuria, na hii ndio watu wa ofisini wanapenda kuiruka kwa sababu haina heshima ya kisayansi, ni moshi na vijiko. Mimi nikiambiwa nichague kura moja ya kubaki nayo ningechagua hii. Ila ina masharti. Maharagwe yote lazima yawe ya mavuno yale yale na yamewekwa mahali pamoja, kwa sababu harage likikaa kwa joto na unyevu linakuwa gumu kuiva hata kama ni aina nzuri, sasa ukilinganisha la juzi na la mwaka jana unapima stoo, hupimi aina. Kipimo kimoja kwa kila sufuria, yote yameloweshwa usiku mmoja ama hakuna lililoloweshwa, jiko za ukubwa mmoja, chumvi baadaye. Vifuniko vinaandikwa namba mpya ambazo hazifanani na za shambani. Kwa maabara kuna kifaa kinaitwa Mattson, kina vijiti 25 vyenye uzito, kila kimoja kimesimama juu ya harage moja ndani ya maji yanayochemka, harage likilainika kijiti kinalipenya, vikishapenya 20 wanaandika muda. Mutuini tulikuwa na mama mmoja anauza githeri stejini, analibonyeza harage kwa kidole gumba na cha shahada, anasema bado, anasema tayari. Watu walimkubali kuliko vijiti.

Namba 4 iliiva mapema ikapasuka, mchuzi ukawa mzito mwekundu, na wale wanaokula maharagwe na chapati wakashangilia. Mama wa githeri akakataa kabisa. Yeye anapika usiku anauza mchana kutwa, sufuria inapashwa mara nne, harage likipasuka saa ya kwanza kufika jioni anauza uji. Namba 2 ilibaki nzima lakini ilichelewa sana kuiva, na yeye akauliza makaa nitanunua na nini. Halafu akafunua sufuria ya namba 5, ile ya majani yaliyopauka, akabonyeza, akabonyeza tena, imeiva na ngozi haijaguswa. Akaomba kuonja mara ya pili. Akauliza hii ni gani, tukamwambia subiri kura. Namba 5 ikachukua kura ya sufuria kwa wote isipokuwa wale wa chapati, na ilikuwa ya mwisho kwa kura ya shambani.

Ukiniuliza kwa nini ilikuwa ya mwisho shambani, jibu ni kwamba vitu ilivyo navyo havionekani ukiwa umesimama kwa njia. Watu wanapohukumu shamba wanahukumu maganda, urefu na rangi ya majani, kwa sababu ndio yanaonekana. Ladha, kuiva, ngozi, kukaa stoo, hivyo vimejificha ndani ya mbegu. Viazi vimewahi kutufundisha hili hapa Kenya. Shangi haikuanza na mtafiti, wakulima waliisambaza wenyewe kwa sababu inaiva haraka kwa moto na inazaa, ikajaa soko zote, ndio baadaye 2015 ikapewa karatasi rasmi. Na ubaya wake, kwamba haikai, inachipua haraka stoo, watu wanaujua na bado wanaipanda. Wameshapiga hesabu yao.

Soko nalo tulilipelekea. Nilibeba sampuli za zote 6 mpaka Nyamakima kwa wale wanaonunua nafaka kwa gunia. Hapo hakuna fomu, mtu anatia mkono kwa mfuko, anamwaga kiganjani, anakuambia. Namba 2 wakaiita Nyayo bila kufikiria na wakasema wataichukua bei ya Nyayo. Namba 5 wakaiita Wairimu. Namba 4 ina rangi ya chai ya maziwa, wakaizungusha, mmoja akasema "hii ni miksicha", nikamwambia hapana ni aina moja, akasema sawa lakini mteja ataiona ni miksicha, na bei ya miksicha iko chini. Rangi isiyo na jina pale haina bei. Sasa unaelewa kwa nini yule wa nusu ekari aliikataa namba 4 hata kabla ya kuoza kwa Julai, yule jirani alikuwa ameshaona rangi ya mbegu siku ya kufungua pakiti. Na lile swali letu la unaifananisha na gani lilikuwa limeandikwa jibu hilo hilo, "haifanani na kitu".

Msimu wa Oktoba tulirudia, na ni vizuri tulirudia kwa sababu mavuno yaliangukia Januari, jua kali, kila kitu kinakauka hata ukitaka kisikauke. Namba 4 haikuoza. Kwa soko bado rangi ilikuwa ile ile, lakini wale walioiweka mwisho kwa ajili ya kuoza peke yake walihama. Mtu akifanya majaribio ya msimu mmoja wa masika hapa Nairobi atakuambia namba 4 haifai, akifanya wa vuli peke yake atakuambia haina shida, na wote wana data.

Daktari alipeleka namba 2 na namba 5 mbele. Kura za wakulima peke yake haziwezi kutoa aina, lazima iingie majaribio ya kitaifa ambayo KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea na mbegu, inasimamia, ipandwe sehemu tofauti za nchi ilinganishwe na zilizopo, na ithibitishwe ni tofauti na zingine na haibadiliki. Huko namba 4 ingeanguka kwa kilo, kwa sababu huko pia hakuna anayepima iliyoliwa mbichi. Tulibishana juu ya hilo, mimi nikisema tunaitupa aina ambayo nusu ya watu wanaitaka, yeye akiniambia fedha za kupeleka aina mbele zinatosha mbili na namba 4 haina mnunuzi wa mbegu, kampuni haitazalisha kitu kinachouzwa kwa vipande vya nyuma ya nyumba. Mimi bado naona ana makosa nusu, sababu harage linajichavusha lenyewe, mbegu ya nyumbani inabaki ile ile msimu baada ya msimu ukichambua vizuri, kwa hivyo hiyo kampuni anayoiogopa haitakuja hata kwa namba 2, mtu akishanunua mara moja harudi dukani karibuni.

Wa sufuria hawakungoja tumalize kubishana. Shosho wa Ruthimitu aliniomba nimpigie hesabu. Kipande chake cha maharagwe ni robo ekari, kinataka kilo 6 hivi za mbegu. Ile pakiti yake ya gramu 150 ikizaa mara 10 ni kilo moja na nusu, ikipandwa tena ni kilo 15, kwa hivyo misimu miwili inatosha, kama hatakula. Akasema kutokula haiwezekani. Tukakubaliana mistari 3 iwe ya mbegu, ifungwe uzi mwekundu hakuna mtu kuchuma, na 5 ya githeri, na hiyo inampeleka msimu mmoja mbele zaidi. Jirani yake wa nusu ekari amemwambia akipata namba 5 atamletea wabadilishane na yeye, kopo kwa kopo.